Mkia wa uzi kwenye bega la kushoto: kisa cha sweta 14 za bweni, Tabora

Mwezi wa saba asubuhi za Tabora huwa na baridi ya kumfanya mtu ashike kikombe cha chai kwa mikono miwili, na wanafunzi wa bweni hawavui sweta mpaka jua lipande. Ndiyo wiki Matroni wa shule moja ya wasichana aliponijia mtaa wa Ng'ambo na gunia. Ndani yake sweta 14 za kijani, za chumba kimoja cha bweni. Zilinunuliwa kwa mkupuo mmoja mwezi wa kwanza, na sasa shingo zinaachia.

"Fundi, hizi wametushonea za kukata," akaniambia kabla hajakaa. "Wazazi wameshasema. Za kukata hazidumu."

Nilimpa shikamoo, nikamwaga gunia mkekani. Neno lake sikulipinga, maana ndilo kila mtu analolisema na kwa sehemu ni la kweli. Ila ufundi wangu ulianza kwa kufumua sweta za mitumba ili nipate nyuzi, na kazi hiyo inakufundisha jambo moja mapema: usiamini sweta mpaka umeigeuza nje ndani.

Nieleze kwanza tofauti yenyewe, kwa sababu kisa chote kinasimama hapo. Sweta ya kukata hutoka kwenye kitambaa kilichokwisha kufumwa, cha mstatili au cha jora. Fundi anaweka patroni juu yake, anakata mgongo, kifua na mikono, kisha anaunganisha kwa ovaloki, ile cherehani inayokata ukingo huku ikiufunga kwa nyuzi tatu au nne. Sweta ya umbo haiguswi na mkasi pembeni. Mashine inafuma kila kipande kikiwa tayari na umbo lake: ikifika kwapani inahamisha kitanzi cha pembeni juu ya jirani yake, idadi ya sindano inapungua, na kipande kinajibana chenyewe. Kwenye mkono hufanya kinyume, inaongeza vitanzi kuanzia kifundoni kwenda juu. Kila ukingo unatoka mzima, umefungwa na uzi uleule uliofuma.

Kwa mfumuaji wa mitumba tofauti hii ni ya pesa. Sweta ya umbo ukishaukata mshono na kupata mwisho wa uzi, unavuta tu, kipande kizima kinakuja mstari kwa mstari, uzi mmoja mrefu unaouzungushia kwenye mgongo wa kiti. Sweta ya kukata ukiivuta, kila mstari unaofika pembeni palipopita mkasi unakatikia hapo. Unabaki na vipande vya uzi vya urefu wa mkono, havifai hata kufunga mchicha. Nilishawahi kununua furushi zuri la rangi ya maziwa bila kugeuza, nikaishia kujazia mto.

Kuna upande wa pili wa hesabu hiyo, wa anayetengeneza. Chukua mkono wa sweta ya mwanafunzi: juu upana sentimita 36, kifundoni 22, urefu 45, na tuache kichwa cha bega kwanza. Ukiukata kwenye mstatili wa 36 kwa 45 umetumia sentimita za mraba 1,620, na mkono wenyewe ni 1,305. Zilizobaki 315 ni pembetatu mbili za kutupa, karibu moja ya tano ya uzi. Ukipanga mikono miwili kichwa kwa mguu unaokoa kidogo, lakini kwapa na shingo zinakula tena. Anayefuma kwa umbo hatupi pembetatu hizo. Anacholipa yeye ni muda, kwa sababu mashine inasimama kila inapohamisha vitanzi, na kwa sababu vipande vya namna hiyo vinastahili kuunganishwa kwa namna nyingine, ambayo ndiyo iliyomleta Matroni kwangu.

Basi nikageuza sweta zote 14, moja moja.

Wengi hutazama alama za kupunguzia, vile vitanzi vilivyolala upande karibu na kwapa, vimepangwa kama nyayo za kuku kando ya mshono. Zikiwepo wanasema ni ya umbo. Mimi siziamini peke yake, maana kuna watengenezaji wanaozifuma au kuzishona juu ya sweta ya kukata kwa ajili ya kupendeza. Ninachofuata ni mistari ya wima. Kwenye sweta ya umbo, ile mistari michache iliyo kati ya alama na mshono inapinda pamoja na kwapa, inakwenda sambamba na ukingo mpaka begani. Kwenye ya kukata mistari inapanda wima bila kujali chochote, inagonga mshono na kupotea mmoja baada ya mwingine, kama mahindi ya shamba lililokatwa na barabara. Halafu ndani unakuta ovaloki nene ya milimita sita au saba, wakati ya umbo ina mshono mwembamba, kingo mbili zimelala bega kwa bega.

Nilipomaliza kulikuwa na mafungu mawili: za umbo 9, za kukata 5. Aliyeuza alikuwa amechanganya.

Kisha nikatazama shingo. Sita zilikuwa zimeachia. Zote sita zilitoka fungu la umbo. Za kukata hazikuwa na shingo hata moja iliyofunguka, ingawa mbili zilikuwa zinaachia kwapani, nitazisema baadaye. Matroni alinyamaza, akaokota moja ya kukata, akaivuta kola kwa nguvu, haikutoka.

"Sasa hizi nzuri ndizo mbovu?"

Swali la haki, na jibu lake linapita kwenye mashine ya kuunganishia. Ni sahani ya duara iliyopangwa meno pembezoni, yakielekea nje, membamba, kila jino na mfereji mdogo mgongoni. Mtu anakaa mbele yake na kutundika kitanzi kimoja kwenye jino moja. Kola ya sweta hizi ni geji 7, yaani karibu sindano saba kwa kila inchi, na nilipohesabu moja nilipata vitanzi 112. Maana yake mtu ametundika 112 vya kola kwa macho na vidole, akaweka ukingo wa shingo ya mwili juu yake, kisha akakunja upande wa pili wa kola na kuutundika nao, ili ukingo wa mwili ubaki katikati kama nyama ya sambusa. Sahani inazunguka, sindano inateleza kwenye mfereji wa kila jino na kupita ndani ya kitanzi chenyewe, nyuma yake kulabu inashika uzi na kuacha mshono wa mnyororo.

Ili vitanzi hivyo vionekane, mfumaji wa kola anamalizia na mstari mmoja uliolegea kuliko mingine, halafu anafuma mistari kadhaa ya uzi wa kutupa wa rangi tofauti. Uzi wa kutupa unashikilia vitanzi visidondoke njiani. Mshono ukishapita, unafumuliwa wote na kuondolewa. Ukigeuza kola yako na kukuta vinyweleo vya uzi wa rangi isiyohusika, mwekundu kwenye sweta ya kijani kwa mfano, umekuta alama za kazi hiyo. Kwenye tatu kati ya zile tisa nilivikuta.

Sindano ikikosa kitanzi kimoja, siku uzi wa kutupa unapoondolewa kitanzi hicho kinabaki hakina mwenyewe, na kikivutwa kinatiririka kwenda chini kama ngazi. Hiyo ndiyo hitilafu ya kwanza niliyoitafuta. Nilivuta kila kola juu ya ngumi na kuitazama dhidi ya mlango ulio wazi. Hapakuwa na ngazi ya namna hiyo hata moja. Aliyetundika vitanzi alikuwa na macho mazuri, tena mshono ulikuwa na ulegevu unaotakiwa.

Hitilafu ya pili ni uzi kukatika. Ukikazwa sana, kola ya sentimita 40 haiwezi kufunguka mpaka 56 za kichwa cha mwanafunzi, na kitu kinachokatika kwanza ni uzi wa mshono. Lakini uzi uliokatika unaacha ncha zenye manyoya, na unakatika popote, mara nyingi mbele, ambako mwanafunzi anashika akivaa. Shingo hizi sita zilifunguka zote pale pale, bega la kushoto nyuma kidogo, na mpasuko ulikwenda upande uleule katika kila moja: sentimita 3 kwenye nzuri yao, 19 kwenye mbaya. Vitanzi vya kola vilivyokuwa wazi vilikuwa vizima na duara, havijachanika. Pembeni yake uzi wa mshono ulining'inia mrefu, umejikunjakunja kama tambi, hauna manyoya mwishoni. Ulikuwa umekatwa kwa mkasi.

Hapo kisa kilikwisha kwangu, na kilichobaki ni kumwonyesha Matroni. Nikachukua krosheti na uzi mweupe, nikamfumia mnyororo wa vitanzi ishirini mezani. Nikamwambia avute mwanzo wake. Alivuta, fundo likakaza, hapakutokea kitu. Nikamwambia avute mwisho. Ukafumuka wote, tratatata, mpaka mkononi kwake. Mshono wa mnyororo ni uzi mmoja unaojishika wenyewe: kila kitanzi kinazuiwa kisirudi na kile kilichofuata. Cha mwisho hakina kinachokifuata. Usipokifunga, kimeachwa mlango wazi. Uzi wa sweta hizi ni akriliki, unateleza, na kila asubuhi kichwa kinapita pale kikipanua kola kutoka 40 hadi 56. Miezi sita ya kufanya hivyo na kufua kila wiki inatosha kabisa.

Ushahidi mzuri zaidi ulikuwa kwenye zile tatu za umbo ambazo hazikufunguka. Nilizigeuza begani zikiwa zimelala kando ya zile sita. Kwenye hizo tatu mshono ulikuwa umepita juu ya mwanzo wake kwa vitanzi kama nane hivi, sentimita 3, mkia ukavutwa ndani ya kitanzi cha mwisho na kukaza, kisha ukaingizwa kwa sindano ndani ya unene wa mshono mpaka hauonekani. Kwenye sita, mshono ulifika ulipoanzia ukasimama, mkia ukakatwa ukiacha sentimita moja. Mashine ileile, geji ileile, ulegevu uleule. Watu wawili walikuwa wamekaa kwenye meza ya kumalizia, mmoja alikuwa na sindano na mwingine alikuwa na mkasi tu. Huenda huyo wa mkasi alilipwa kwa idadi.

Ovaloki haina tatizo hili kwa kiasi hicho, kwa sababu nyuzi zake tatu zinashikana zenyewe kwa zenyewe ukingoni, na ukikata mkia wake unafumuka kidogo kisha unasita. Ndiyo maana shingo za kukata zilikuwa salama, hata kama mafundi wake hawakuwa hodari kuliko wale wengine. Zina ugonjwa wao. Kwenye zile mbili zilizoachia kwapani uzi wa ovaloki ulikuwa mzima, umebaki kama kamba ya nguo isiyo na nguo, na kitambaa ndicho kilichotoka ndani yake. Kitambaa cha kufumwa kilichokatwa kina ukingo wa vitanzi vilivyokatika, na ovaloki ikishika milimita tatu tu kwenye geji nene kama hii, inashika kitanzi kimoja, na kimoja kikivutwa kinatoka. Dawa yake ni kurudi ndani sentimita moja na kupiga ovaloki upya, kisha mstari wa zigizaga nyembamba juu yake. Sweta inabana kidogo kwapani, wasichana hawa ni wembamba, haikuwa shida. Kazi ya dakika ishirini zote mbili.

Shingo sita ndizo zilizokula siku mbili. Mashine ya meno sina, hivyo niliunganisha kwa mkono.

Hapa niungame kosa la zamani. Miaka ya mwanzo nilipoletewa shingo kama hii niliibana pini na kuipitisha kwenye cherehani ya kawaida, mshono wa moja kwa moja, uzi wa polista. Ilitoka safi kuliko ya kiwandani. Mtoto alipoivaa mbele yangu ilikwama kwenye masikio, akasukuma kichwa, tukasikia tap, tap, tap. Mshono ule hauna akiba ya uzi ya kupanukia. Mama yake hakusema neno, alinitazama tu.

Kwa mkono kazi inakwenda hivi. Kwanza mkia ulioning'inia haukatwi. Unaurudisha nyuma mpaka kwenye kitanzi cha mwisho kilicho hai, unaupitisha ndani yake na kukaza, ili mpasuko usiendelee wakati wewe unahangaika. Kisha vitanzi vilivyo wazi vya kola navipitisha kwenye uzi mwembamba wa rangi nyingine vikae kama shanga, maana kimoja kikidondoka utakitafuta jioni nzima. Ukingo wa mwili naurudisha katikati ya kola na kuupiga bandi.

Uzi wa kuunganishia ni uleule wa sweta ukiwa umepunguzwa nyuzi, sindano butu isiyochoma uzi wa watu. Sindano inatoka ndani ya kitanzi cha pili, inarudi kuingia cha kwanza, inatoka cha tatu, inarudi cha pili, hivyo hivyo, kila kitanzi kikipitiwa mara mbili. Kila baada ya vitanzi kumi nasimama na kuivuta kola kwa mikono miwili mpaka mwisho wake. Uzi ukiwa umekaza nausikia unagoma, narudi vitanzi kadhaa na kuulegeza. Ni afadhali uonekane kupita kiasi umelegea, kwa kuwa kola itaurudisha yenyewe. Nikifika mwisho napita juu ya mshono mzima wa zamani kwa vitanzi nane, kama alivyofanya yule mwenye sindano, natoa uzi ndani ya kitanzi chake chenyewe, kisha nauingiza ndani ya mshono sentimita 3 kwenda upande mmoja na 2 kurudi. Ule mgeuko wa kurudi ndio unaoushika, kwani mkia uliokwenda upande mmoja tu kwenye akriliki hurudi nje taratibu kama mjusi kutoka ukutani.

Shingo yenye mpasuko wa sentimita 19 ilikuwa na vitanzi 53 vya kushona. Ilichukua saa moja na nusu. Zilizobaki zilikuwa fupi, isipokuwa moja.

Moja haikupona sawasawa, na sababu yake ni ya kujua kwa mtu yeyote anayelipia zaidi akiambiwa sweta ni ya umbo. Kwapa zake zilifumwa kwa umbo, mikono pia, lakini shingo ya mbele ilikuwa imekatwa kwa mkasi. Zote tisa zilikuwa hivyo. Si udanganyifu, ni utaratibu wa karakana nyingi: kufuma shingo kwa umbo kunaigawa mashine pande mbili na kula muda, basi wanafuma kifua moja kwa moja, wanachora shingo, wanakata, na kola ya vitanzi inalifunika kovu. Maadamu mshono umeshika, ukingo uliokatwa umelala salama katikati ya kola. Mshono ukifunguka mbele, ukingo ule uko uchi. Kwenye sweta hii mwanafunzi aliendelea kuivaa na kuifua, na mistari saba ya wima ilikuwa imetiririka kifuani kiasi cha sentimita nne. Nilizipandisha ngazi kwa sindano ya ulimi, kitanzi kwa kitanzi, nikazifikisha juu, lakini uzi wa pale ulishavutika na kuisha kimo, kukabaki mikunjo. Iko shingoni, inaonekana. Nilimwambia Matroni aipe msichana asiyejali.

Nilimtoza shilingi elfu nne kwa kila shingo, kwapa elfu mbili. Hakulalamika, alilalamikia aliyeuza. Nikamwambia akienda kudai asiseme "mmetuuzia za kukata", watamwonyesha alama za kupunguzia na kumcheka. Ageuze bega la kushoto, awaonyeshe mkia uliokatwa sentimita moja, na kando yake awawekee moja ya zile tatu, kutoka meza ileile.

Alipoondoka alitaka kujua kuhusu vyumba vingine. Bweni lina sweta nyingi za mkupuo ule na nyingi bado ni nzima. Nilimfundisha: geuza, tafuta bega la kushoto nyuma, pitisha kidole juu ya mshono. Ukisikia kinundu kidogo cha mshono uliopita juu ya mwenzake, iache. Ukiona kamkia kafupi kamesimama, usikakate kwa kudhani ni uchafu. Kapitishe sindano ndani ya kitanzi kinachokashika, kaza, mkia mfupi mno uongezee uzi, kisha uzamishe kwenye mshono. Kwa shingo ambayo haijafunguka ni kazi ya dakika tano, na hailipiwi kwa fundi.

Jioni ya siku ya pili ikaja meseji yake: "Nimekagua chumba cha pili na cha tatu. Mikia mifupi 11. Miwili imeanza kufunguka. Uzi wa kijani umeniishia."

Nikamjibu atume mtoto, ninao.